Ujumbe wa tatu: tumwandikie nini mwenzetu aliyenyamaza?



Juma lililopita, kisha mkutano, mama mmoja alituuliza jambo ambalo wengi wenu munalijua. Yeye ni sekretere wa kikundi chao cha akiba. Alimwandikia mwenzake mara mbili juu ya kitabu cha hesabu kilichopaswa kurudishwa kwa tarehe fulani. Hakujibiwa. Akasema: «Sasa nikiandika mara ya tatu, nitaandika nini? Nikikasirika tutagombana, na tunakaa avenyu moja. Nikinyamaza, tarehe itapita.»

Sisi tunaoandika ukurasa huu tunafundisha sekondari, na swali hilo lilitukumbusha mwisho wa mwaka mmoja wa masomo tulipokaribia kuharibu kila kitu kwa ujumbe mmoja mbaya. Tutawasimulia jambo lile, kisha tutarudi kwa mama huyo na kitabu chake.

Mwaka ule tulikuwa titileri, yaani mwalimu msimamizi, wa darasa la mwaka wa pili lenye watoto 48. Kazi ya titileri mwishoni mwa mwaka munaijua kwa matunda yake, kwa sababu buleteni inakuja nyumbani mwenu. Lakini pengine hamujui ginsi inavyojazwa. Kila mwalimu wa kozi anamletea titileri fishi yenye majina na pointi. Kozi ndogo kama jiografia, ikiwa na pointi 20 kwa kila peryodi, inabeba 20 za peryodi ya tatu, 20 za peryodi ya nne na 40 za mtihani. Jumla ni 80 kwa semesta. Titileri anajumlisha kozi zote, anapata asilimia, kisha anapanga nafasi. Ndipo walimu wote wanakaa katika kikao cha delibere kuamua nani amepita.

Basi fishi moja ikikosa, kazi yote inasimama. Tuchukue mtoto mwenye pointi 364 juu ya 720 katika kozi zingine zote. Hapo ana asilimia 50 na kidogo. Jiografia ikija na 30 juu ya 80, anakuwa na 394 juu ya 800, na anashuka chini ya 50. Ikija na 50 juu ya 80, anapanda hadi karibu 52. Huwezi kumwandikia mama yake kwamba mtoto amepita, wala kwamba ameanguka, mpaka karatasi ile iwe mkononi. Na huwezi kumpangia nafasi hata yule wa kwanza.

Kwa desturi ya nchi yetu mwaka unafungwa tarehe 2 Julai. Mwaka ule pointi zote zilipaswa kufika tarehe 24 Juni, siku ya tatu. Delibere ilikuwa siku ya kwanza, tarehe 29. Walimu wote walileta, isipokuwa mwenzetu wa jiografia.

Jioni ya tarehe 24 tulimwandikia hivi:

«Jambo Mwalimu. Tunangoja pointi za jiografia. Mwisho ulikuwa leo.»

Hakujibu. Kesho yake, mchana:

«Mwalimu, ni mara ya pili ninakuandikia. Hujatuma pointi. Unatuchelewesha sisi wote.»

Alama mbili zikageuka bluu. Akasoma, akanyamaza. Asubuhi ya tarehe 26 tulikuwa na hasira, na tulikuwa tumekwisha kuandika ujumbe wa tatu. Tunauweka hapa bila kuupamba, ili muone:

«Kama nilivyokuambia katika ujumbe wa kwanza na wa pili, ambao naona umesoma, mpaka sasa hakuna kitu. Labda umesahau kwamba wengine wanafanya kazi. Kama leo hutumi nitaripoti kwa prefe. Samahani kwa kukusumbua.»

Bahati nzuri, mama mmoja aliyefundisha miaka mingi kutupita alikuwa amekaa karibu katika chumba cha walimu. Tukamsomea tukitafuta kusifiwa. Akacheka kidogo, akauliza: «Akipokea hiyo, atakujibu nini?» Tukafikiri. Hatukupata jibu hata moja ambalo mtu anaweza kuandika bila kujishusha. Angepaswa kusema «nimekosa», ao abishane. Aliye na haya atanyamaza, na mwenye kiburi atabisha. Wala mmoja wao hataleta pointi.

Kisha mama yule akatuambia jambo ambalo tunalitumia mpaka leo. Mtu akinyamaza mara mbili, mara nyingi si kwamba hajui tarehe. Anaijua vizuri kuliko wewe. Kuna kitu kimemshika ambacho hawezi kukisema. Kwa hiyo ukimwomba kazi mara ya tatu, unamwomba kile kile ambacho hana. Mwombe habari. Habari kila mtu anayo, hata yule ambaye kazi imemharibikia.

Tukakaa naye, tukaandika upya. Ilichukua karibu dakika ishirini, na tuliona aibu kwamba mwalimu mzima anachukua dakika ishirini kuandika mistari minane. Ujumbe uliotoka ni huu:

«Jambo Mwalimu, pole na kazi ya kusahihisha. Ni juu ya jiografia ya mwaka wa pili. Pointi za peryodi ya nne na za mtihani hazijanifikia bado, isipokuwa kama nimekosa kuangalia vizuri. Delibere ni siku ya kwanza, tarehe 29 Juni, 9h00, na bila hizo siwezi kupata asilimia ya mtoto hata mmoja kati ya 48. Tafazali unijulishe leo mbele ya 16h00 umefika wapi. Ukikosa nafasi ya kuandika, tuma namba tu: 1 ziko tayari, 2 bado kopi kadhaa, 3 kuna shida, tuongee. Hata 3 itanisaidia nijue ginsi ya kupanga. Fishi ya majina nimeituma tena hapa chini. Kesho asubuhi nitamweleza prefe darasa limefika wapi, na ningependa niende nikiwa na neno lako. Aksanti sana.»

Tazameni kwanza salamu. «Pole na kazi» si pambo tu. Inamwambia kwamba tunajua anafanya kazi. Ujumbe wetu wa pili ulimwambia kinyume. Lakini pole ni moja tu, na haifuatwi na samahani. Hapa tunajua akina mama wengi hawatakubaliana nasi, kwa sababu tumelelewa kuomba samahani mbele ya kuomba chumvi. Lakini ukiomba samahani kwa kudai kitu ambacho tarehe yake imepita, unamwambia msomaji kwamba wewe ndiye unayesumbua, na kwamba kitu chenyewe kinaweza kungoja. Na samahani inayokuja mwisho, kisha maneno makali, kama ile ya ujumbe wetu uliotupwa, inasomwa kama dharau.

Kisha angalieni neno «hazijanifikia». Kiswahili kinatupa hapa njia nzuri sana. Ukisema «hujatuma», mwenye kitendo ni yeye, na kosa ni lake. Ukisema «hazijanifikia», wenye kitendo ni pointi. Zimekawia njiani. Labda aliandika akasahau kubonyeza, labda alimpa mtoto azilete, labda hakufanya lolote; neno lile linabeba yote bila kumhukumu. Ndivyo ilivyo pia kwa «kitabu hakijarudi» mahali pa «hujarudisha kitabu», na «mchango haujaonekana kwenye hesabu» mahali pa «hujatoa mchango». Ukweli unabaki ule ule, hakuna uongo, lakini yule anayesoma anabakiwa na mahali pa kusimama.

Maneno «isipokuwa kama nimekosa kuangalia vizuri» yanafanya kazi ile ile, lakini yana sharti. Angalia kweli mbele ya kuyaandika. Sisi tulikwenda kufungua mfuko wa fishi na kupitia mesaje zote, mpaka zile za kikundi cha walimu. Mara moja, mwaka mwingine, tulimdai mtu fishi iliyokuwa imekaa siku mbili ndani ya kabati yetu wenyewe. Hatutaki kukumbuka zaidi.

Kuna maneno yanayojifanya ya adabu lakini yanauma. «Labda umesahau» ni moja. Unamwita msahaulifu, na kama hakusahau umemtukana mara mbili. «Kama nilivyokuambia» ni lingine, na «kwa mara ya tatu» pia. Msiandike hesabu ya mara. Yeye anaweza kuhesabu. Mesaje zote ziko juu katika telefone yake. Lakini baya zaidi ni «naona umesoma».

Juu ya zile alama tungependa kukaa kidogo, kwa sababu zinaleta ugomvi mwingi katika vikundi vyetu. Kwenye WhatsApp alama moja ni kusema ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye telefone yake. Pengine imezimika, pengine hana mega. Mbili za kijivu ni kusema umefika. Mbili za bluu ni kusema umefunguliwa. Umefunguliwa na nani? Hapo ndipo mtego ulipo. Katika nyumba zetu telefone moja inapita kwa baba, kwa mama, na kwa mtoto anayetafuta mchezo. Mtoto akifungua, bluu inatokea. Tena kuna mtu anayeweza kuzuia alama hizo kwa kuzima «Confirmations de lecture». Yeye anasoma na hutaona bluu kamwe. Kwa hiyo bluu haihakikishi kwamba mwenyewe amesoma, na kijivu hakihakikishi kwamba hajasoma. Katika mazungumzo ya kikundi, kuzima huko hakufanyi kazi: ukibonyeza ujumbe wako kwa muda na kufungua «Infos», utaona kwa nani umefika na kwa nani umefunguliwa. Hiyo itumie kwa kujua tu kama upige simu. Usiitumie kama ushahidi.

Na alama moja ikikaa siku nzima, ujumbe wa tatu hauna kazi. Mtu huyo hajapata hata wa kwanza. Tuma SMS fupi, ao mtu apite kwake.

Turudi kwenye ujumbe. Tarehe tuliiandika kwa namba, na saa pia kwa namba. Munacheka, lakini hapa Goma ni lazima. Ukisema «Jumatatu» kuna anayesikia siku ya kwanza, na kuna mtoto wetu ambaye anasikia tatu na kuhesabu siku ya tatu. Ukisema «saa nne» kuna anayehesabu toka jua kutoka, na kuna anayefuata saa ya Kifaransa. Tumeona mkutano wa wazazi ambao nusu walifika saa sita mbele ya wengine. «Siku ya kwanza, tarehe 29 Juni, 9h00» haina kona.

Sababu pia tuliisema, na tuliisema kwa watoto. Katika ujumbe wa pili tuliandika «unatuchelewesha sisi wote». Hiyo inamhusu yeye na sisi. «Siwezi kupata asilimia ya mtoto hata mmoja kati ya 48» inamhusu yeye na watoto ambao yeye mwenyewe anawafundisha. Tena ni hesabu tupu. Mwalimu yeyote anajua ni kweli, hakuna la kubishania.

Zile namba tatu, 1, 2 na 3, ndizo mama yule alizipigania zaidi, na ndizo sisi tulitaka kuzitoa. Tuliona zinafanana na kumfanya mtu mzima mtoto wa shule. Alituambia: mwenye haya hawezi kuandika sentensi, lakini anaweza kuandika namba. Angalieni pia kwamba namba 3 haisemi «nimeshindwa». Inasema «kuna shida, tuongee». Na baada yake tuliweka maneno «hata 3 itanisaidia», ili ajue kwamba jibu baya linapokelewa. Kama jibu moja tu ndilo linaloruhusiwa, asiye nalo atanyamaza tena.

Tulituma fishi tena kwa sababu ndogo lakini ya kweli. Mtu akitafuta karatasi akaikosa, anasema «nitafanya jioni», na jioni umeme hakuna.

Sehemu ya mwisho, ile ya prefe, ndiyo ngumu kuliko zote. Ujumbe wa tatu lazima useme nini kitafuata, bila hivyo ni kama ule wa kwanza na wa pili. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya «nitakuripoti» na «kesho asubuhi nitamweleza prefe darasa limefika wapi, na ningependa niende nikiwa na neno lako». Katika la kwanza unakwenda juu yake, bila yeye. Katika la pili unakwenda kwa kazi yako mwenyewe, na unampa nafasi aingize sauti yake mbele. Tena hutendi kwa siri. Mtu akisikia kutoka kwa mkubwa kwamba ulikuwa umekwisha kumsema, hatakuamini tena mwaka mzima. Sharti lake ni moja: ukisema utakwenda, uende. Usipokwenda, ujumbe wako ujao hautasomwa.

Tulituma saa 11h20, kwake yeye peke yake, si katika kikundi cha walimu. Katika kikundi mtu hajibu wewe, anawajibu watu ishirini wanaotazama.

Saa 13h05 ikaja namba: 3.

Tukampigia. Aliongea polepole. Siku ya mvua kubwa, maji yalikuwa yamepita katika bati la nyumba yake usiku, yakalowesha bunda la kopi. Kopi 31 alikuwa amekwisha kuzisahihisha na ziko kavu. Kopi 17 wino ulikuwa umeenea, hazisomeki. Kwa siku nne alikuwa akizianika na kuzigeuza, akitumaini. Alipoona ujumbe wetu wa pili, alisema, aliweka telefone chini ya mto.

Fikirini kama tungemtumia ule wa kwanza tulioandika kwa hasira. Tena fikirini wale watoto 17. Kuna mwalimu mwingine, akiona tarehe 29 inafika, angewapa pointi za kubuni. Hatusemi kwamba yeye angefanya hivyo. Tunasema kwamba mtu akibanwa bila mlango, hiyo ndiyo njia inayobaki, na hakuna mama ambaye angejua.

Alasiri ile ile alikwenda kwa prefe mwenyewe, sisi tukimsindikiza. Prefe alikasirika, lakini siku tatu zilikuwa bado zipo. Aliamua watoto 17 warudi siku ya posho, tarehe 27, kwa mtihani mwingine wa jiografia. Watoto wa darasa wakapeleka habari nyumba kwa nyumba. Wakaja 16. Mmoja alikuwa amekwisha kwenda Minova kwa bibi yake, na delibere ikaamua kumngojea. Mama yake alikuja kutuuliza sababu, na tulimweleza yote bila kumtaja mwalimu. Buleteni 47 zilitoka tarehe 2 Julai pamoja na za madarasa mengine.

Namba 3 isingekuja, tungefanya nini? Hatungeandika ujumbe wa nne. Saa 16h00 tungempigia simu. Asipopokea, tungepita kwake, kwa kuwa hapa mjini pikipiki inafika kila mahali, na uso kwa uso watu wanasema kile ambacho hawaandiki. Kisha, kesho asubuhi, kwa prefe kama tulivyoahidi. Na kuna watu ambao ujumbe mzuri hauwabadilishi. Yule ambaye kila mwisho wa peryodi ananyamaza, kila mwaka, hana haya ya siku moja, ana zoea. Kwake maneno haya yatakupa jibu, labda, lakini pointi zitakuja kwa mkono wa mkubwa. Adabu bado ina faida moja hapo: mkubwa akisoma mesaje zako tatu, haoni ugomvi wa watu wawili.

Sasa mama yetu sekretere. Kikundi chake kinafunga mwaka wa akiba na kugawa. Munajua hesabu: pesa zote za kaisi zinagawanywa kwa hisa zote, ndipo thamani ya hisa moja inajulikana, na kila mama anapata kwa hisa zake. Kitabu kimoja kikikosa, hisa zake hazihesabiki, na thamani ya hisa haijulikani kwa mama yeyote. Ni kama fishi ya jiografia. Mwenye kitabu ni mama mkubwa kwake kwa umri, na tena ndiye aliyemwingiza katika kikundi. Hapo hawezi kuandika kama kwa mwalimu mwenzake. Tulikaa naye tukapata hivi:

«Jambo Mama, habari ya nyumbani na ya watoto? Mama, ni juu ya kugawa kwetu. Kitabu chako hakijarudi bado mkononi mwangu, labda nilipishana na mtu uliyemtuma. Tunahesabu siku ya posho, tarehe 14, 14h00, na bila hisa zako hatuwezi kujua hisa moja ni pesa ngapi kwa mama yeyote. Tafazali Mama, uniambie leo mbele ya jioni kama nipite kukichukua, ao kama kuna jambo tuongee kwanza sisi wawili. Siku ya tano nitamwambia Mama Prezida vitabu vingapi vimefika. Aksanti Mama.»

«Mama» imeingia mara kadhaa, na ni sawa, heshima inaomba hivyo. Lakini angalieni kwamba saa haikulegea kwa ajili ya heshima. Pale ndipo wengi wetu tunakosea tukimwandikia mkubwa: tunaongeza Mama na tunaondoa tarehe. Namba 1, 2, 3 tuliziacha, kwa sababu kwa mtu mzima wa umri ule zingeonekana kama amri. Mahali pake tuliweka maneno «kama kuna jambo tuongee kwanza sisi wawili». Mama sekretere aliyashuku. Alisema yanafunua kwamba anashuku deni. Tukamjibu kwamba kama deni lipo, litaonekana siku ya posho mbele ya wanawake wote, na kwamba yule mama angependa kulisema jikoni kwake kuliko pale.

Aliutuma siku ya nne. Jibu lilikuwa sauti, si maandishi, sekunde tisa: «Binti yangu, njoo kesho asubuhi. Njoo peke yako.»